Shajara ya mradi: Tasnifu moja, makala tatu

Januari 8

Tasnifu niliitetea miaka miwili iliyopita na tangu siku ile iko juu ya kabati, kurasa 312, jalada jeusi, herufi za dhahabu. Inahusu maneno ya mkopo katika Kiswahili: yanavyopata irabu mpya, yanavyoingia kwenye ngeli, na yanavyoishi kinywani mwa mafundi wa magari. Sura saba. Leo nimeishusha, nikafuta vumbi, nikafungua faili la kazi na kuandika mstari wa kwanza: kufikia Juni niwe na makala tatu mikononi mwa wahariri.

Hesabu ya awali ni hii. Sura ya Kwanza (utangulizi), ya Pili (mapitio ya machapisho na nadharia), ya Tatu (mbinu) na ya Saba (hitimisho) haziwi makala. Zinabaki Nne, Tano na Sita. Mapitio yangu ya kurasa 46 yaliyoanzia kwa Tucker, miaka ya 1940, yatavunjwavunjwa, kila makala ichukue aya mbili tatu inazozihitaji. Iliniuma kuliandika hilo. Kurasa 46 zile zilikula mwaka mzima wa maisha yangu.

Nilimpigia msimamizi wangu kumwambia naanza. Alisikiliza, kisha akasema: "Sawa, lakini kumbuka watahini walishakwenda zao. Sasa unamwandikia nani?" Nikamjibu, "Msomaji wa jarida, Profesa." Akacheka. "Huyo hajasoma Sura ya Pili."

Januari 15

Swali la wiki hii: kati ya sura tatu zilizobaki, ipi inataka utangulizi mpya, ipi inataka hitimisho jipya, ipi inataka vyote?

Nilianza kwa kuhesabu kamba zinazoifunga kila sura na nyingine. Nikageuza faili za sura kuwa maandishi matupu, nikatafuta mahali pote ninapomrudisha msomaji nyuma au kumpeleka mbele:

```
pandoc sura4.docx -t plain --wrap=none -o sura4.txt
grep -oiE "sura ya|sura hii|sura iliyotangulia|sura inayofuata|tulivyoona|hapo juu" sura4.txt | wc -l
```

Sura ya Nne ina kamba 41. Ya Tano 37. Ya Sita 9 tu, na sababu naijua: Sura ya Sita niliiandika kwanza, kwa ajili ya warsha, kabla tasnifu haijawa na umbo lolote.

Hesabu hii inasaidia kidogo, ila isikudanganye. Kamba nyingi zinakatika kwa mkasi: "kama tulivyoona katika Sura ya Pili" unaifuta, sentensi inabaki imesimama. Zinazonipa shida ni zile ambazo ukizifuta, hoja inaanguka nazo. Kwa hiyo nikafanya jambo la pili, la kizamani zaidi. Nilichapisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kila sura, kurasa sita kwa jumla, nikampa rafiki yangu anayefundisha fasihi na hajawahi kuisoma tasnifu. Nikamwomba aandike kwa penseli, kwa kila sura, inauliza nini na imejibu nini.

Sura ya Sita alijibu yote mawili. Ya Tano alijua inauliza nini, jibu hakuliona. Ya Nne aliacha patupu, akaandika pembeni: "Hii ni ratiba ya basi?"

Januari 27

Ratiba ya basi. Nimeisoma tena na ana haki. Hivi ndivyo Sura ya Nne inavyoanza:

"Sura iliyotangulia imeeleza mbinu zilizotumika kukusanya data. Sura hii inawasilisha, inachambua na kujadili data kuhusu uchopekaji wa irabu katika maneno ya mkopo. Sura imegawanyika katika sehemu kuu tano."

Kwa mtahini hizo ni sentensi za adabu, kama kubisha hodi. Anajua tatizo la utafiti, amelisoma ukurasa wa 4. Msomaji wa jarida hana ukurasa wa 4. Na mwisho wa sura ni vilevile: muhtasari wa sehemu tano, kisha "Sura inayofuata inajadili ngeli."

Basi hoja yenyewe iko wapi? Nimeitafuta siku tatu. Nusu iko Sura ya Saba, ukurasa wa 288, katika orodha ya "matokeo makuu". Nusu nyingine imejificha kwenye tanbihi ya ukurasa wa 131. Hoja inasema hivi. Maneno ya Kiarabu kama kufl, bahr na ilm (nayaandika kwa herufi zetu) yana konsonanti mbili mwishoni, jambo ambalo silabi za Kiswahili hazilipendi. Kila moja likapewa irabu mbili, moja katikati na moja mwishoni: kufuli, bahari, elimu. Irabu ya katikati inamtazama jirani yake wa kushoto: *u* ya kufl ikazaa *u*, *a* ya bahr ikazaa *a*, *i* ya ilm ikazaa *i*. Ya mwishoni haijali irabu yoyote, inatazama konsonanti iliyo kabla yake tu. Baada ya *l* na *r* tukapata *i*. Baada ya *m*, ambayo ni sauti ya midomo, tukapata *u*. Ndiyo maana tunasema kitabu, sababu na stempu, lakini benki na tiketi.

Tanbihi nayo inasema mtindo huu unafaa nomino, ila vitenzi vina njia yao: shukuru, abudu, sujudu. Hakuna sauti ya midomo kabla ya ile *u* ya mwisho, na bado ipo. Hilo si jambo la tanbihi hata kidogo, ndilo linaloonyesha kanuni inaishia wapi.

Uamuzi: Sura ya Nne inapata utangulizi mpya na hitimisho jipya. Na ninachojifunza ni kwamba viwili hivi haviandikwi kimoja kimoja. Kama utangulizi utaahidi "maneno ya mkopo", hitimisho litalazimika kueleza vitenzi, nami sina data ya kutosha. Utangulizi ukiahidi nomino, vitenzi vinahamia kwenye hitimisho kama mpaka wa hoja, aya moja, kwa uaminifu.

Februari 11

Utangulizi wa makala ya kwanza umeandikwa mara nne. Mara ya kwanza nilibandika historia ya mawasiliano ya pwani na Waarabu, karne kwa karne. Nikafuta. Mara ya pili nilianza na fasili ya "ukopaji" kwa wataalamu sita. Nikafuta. Mara ya tatu ulikuwa mzuri ila na kurasa tano. Wa nne unaanza na neno lenyewe:

"Neno kufl lilipoingia katika Kiswahili lilipata irabu mbili ambazo halikuwa nazo, likawa kufuli. Irabu ya kwanza ni u, ya pili ni i. Makala hii inauliza kwa nini hazifanani."

Baada ya hapo kuna aya ya nani amesema nini. Nimebakiza kazi chache tu, Tucker kwa upande wa sauti ngeni na Schadeberg wa 2009 kwa picha pana ya mikopo ya Kiswahili, na ninasema wazi swali langu linaingilia wapi. Kisha aya ya madai, kisha aya ya data. Ukurasa mmoja na nusu. Sura ya Tatu nzima, kurasa 29 za mbinu, imekuwa aya ile ya data na jedwali dogo. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini nilichagua usampulishaji lengwa isipokuwa watahini.

Kazi iliyobaki ni urefu. Sura ina maneno elfu 14 na zaidi, na majarida ninayoyalenga yanataka kati ya elfu 6 na elfu 8. Mifano inapunguka: kwa kila kundi nilikuwa na mifano kumi na mbili, kwenye makala minne inatosha, mingine inaingia kwenye kiambatisho.

Februari 20

Hakuna kilichofanyika. Kusahihisha mitihani.

Machi 3

Sura ya Tano, ngeli. Hapa utangulizi ni mzuri tangu mwanzo, nilibahatika. Unaanza na kitabu: *ki-* yake ni sehemu ya neno lenyewe la Kiarabu, lakini Waswahili waliisikia kama *ki-* ya kiti na kisu, wakatoa vitabu. Ndivyo ilivyo kwa kibiriti na vibiriti, kilabu na vilabu. Halafu swali: kwa nini sikio hili linakamata maneno fulani na kuyaacha mengine? Kilo haina *vilo*. Waziri ana *wa-* safi kabisa mwanzoni, na bado hakuna aliyewahi kumwita mmoja *mziri*. Tunasema mawaziri.

Utangulizi huo nimefuta sentensi tatu tu. Tatizo ni mwisho. Hitimisho la sura linasema "data imeonyesha kuwa maneno ya mkopo huingia katika ngeli mbalimbali". Sentensi ya namna hii ndiyo dalili ninayoiamini kuliko idadi ya kamba: kama hitimisho lingeweza kuandikwa kabla ya utafiti, hilo si hitimisho. Nani hakujua kwamba maneno huingia ngeli mbalimbali?

Kwa hiyo hapa utangulizi unabaki na hitimisho linaandikwa upya. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja, imechukua siku tisa. Swali zuri la utangulizi lilikuwa halijajibiwa popote katika tasnifu, nilikuwa nimelizunguka kwa majedwali. Jibu nililolipata baada ya kurudi kwenye data ni la kiasi tu: silabi ya kwanza ikifanana na kiambishi haitoshi, kiambishi hicho nacho kinapaswa kikubaliane na maana ya neno. Waziri ni mtu mmoja, na *wa-* kwa watu ni alama ya wengi, kwa hiyo sikio linakataa. Kitabu ni kitu, na vitu vingi viko *ki-/vi-*, kwa hiyo sikio linakubali. Kilo ni kipimo, na vipimo vya kukopa kama mita na lita havibadiliki kwa wingi. Nimeandika "inaelekea", si "imethibitika".

Machi 12

Mgogoro wa digadi.

Gari lina madigadi. Waingereza walikuwa na neno moja zima, *mudguard*, sisi tukasikia *ma-* ya wingi mwanzoni, tukaikata, tukapata digadi moja. Ni mfano mtamu kuliko yote katika tasnifu, na ndiyo maana unaonekana Sura ya Tano na Sura ya Sita, na maelezo yake ni karibu neno kwa neno. Ndani ya jalada moja hakuna ubaya. Kwenye majarida mawili ni jambo la kunihukumu: mhariri wa pili akiona aya ileile imechapishwa kwingine, ataniuliza ninauza nyama ya ng'ombe mmoja mara ngapi.

Nimechora mistari kwenye karatasi kubwa, makala tatu, kila mfano una mwenyewe. Digadi ni wa makala ya ngeli. Kwenye makala ya mafundi unatajwa mara moja, kwa sentensi moja inayorejelea makala ya ngeli. Kufuli, bahari na elimu ni za makala ya irabu. Klachi na breki, ambazo mafundi wanazitamka na konsonanti mbili mwanzoni bila kuchopeka chochote, ni za makala ya mafundi, ingawa makala ya irabu ilikuwa inazitamani. Data ya mahojiano ni ileile kwa makala mbili, kwa hiyo kila moja inasema hivyo waziwazi kwenye aya ya data.

Zoezi hili limeniambia jambo ambalo grep haikuniambia. Baada ya kuondoa mifano ambayo sura zilikuwa zinaazimana, Sura ya Sita imebaki imesimama. Ya Tano pia. Ingekuwa mojawapo imeanguka, maana yake ningekuwa na makala mbili tu na nilikuwa najidanganya ni tatu.

Machi 19

Sura ya Sita. Hitimisho linabaki kama lilivyo, koma kwa koma. Lilikuwa linasema fundi kijana na fundi mzee hawatamki sawa neno la chombo kilekile, na linaonyesha wapi. Utangulizi unabaki pia, isipokuwa unamchukulia msomaji kama anayejua gereji ninayoizungumzia, maana ilielezwa Sura ya Tatu. Nimeongeza aya mbili: gereji ya uani, mafundi wangapi, nilikaa vipi nao, walikubali vipi kurekodiwa.

Kwa ajili ya aya hizo nilirudi gerejini. Fundi mkuu alinikumbuka. "Mwalimu, ile karatasi yako imetoka?" Nikamweleza kwamba kitabu kizima kimetoka zamani, sasa nakikata vipande. Alikuwa amelala chini ya gari anafungua shokapu, sauti yake ikatokea huko: "Vizuri. Gari bovu huuzi zima, unauza spea." Kijana wake akampa spana namba kumi na saba. Nikaandika namna alivyolitaja, kwa mazoea tu.

Aprili 2

Nimetuma makala ya mafundi, kwa kuwa ndiyo iliyotaka kazi kidogo. Ya irabu na ya ngeli zinafuata mwezi huu.

Aprili 11

Imerudi siku ya tisa, bila kufika kwa wapitiaji. Programu ya kupima ufanano imeonyesha sehemu kubwa ya makala ipo tayari mtandaoni. Ipo kweli: tasnifu yangu iko kwenye hazina ya kidijiti ya chuo, inapakuliwa bure, na nilikuwa nimesahau kabisa. Barua ya mhariri ilikuwa fupi na baridi, kana kwamba nimeiba.

Kosa ni langu. Majarida mengi hayahesabu tasnifu kuwa chapisho, lakini yanataka yaambiwe mapema. Nilipaswa kusema kwenye barua ya kuambatanisha, na tena kwenye tanbihi ya kwanza ya makala, kwamba hii imetokana na tasnifu fulani ya mwaka fulani na imefanyiwa mabadiliko haya na haya. Nimemwandikia mhariri, nikaeleza, nikaambatanisha kiungo cha tasnifu. Amekubali kuipokea upya, ila ametaka sehemu ya uchambuzi iandikwe upya pale inapofanana neno kwa neno.

Kichekesho ni kwamba sura niliyoiona imeiva kuliko zote, kwa sababu haikutaka utangulizi wala hitimisho, ndiyo iliyonasa. Ile ya irabu, niliyoibomoa na kuijenga upya, ilipopimwa ilikuwa na ufanano mdogo sana.

Mei 26

Makala ya irabu imerudi kutoka kwa wapitiaji wawili. Wa kwanza amependa, ametaka jedwali. Wa pili ameandika mistari minne, na mmoja wao nimeusoma mara nyingi: "Mwandishi anasema irabu ya mwisho hufuata konsonanti, midomo huzaa u. Je, neno *sarufi*?"

Nilikaa kimya. Sarf ikazaa sarufi. Kwa kanuni yangu ingekuwa *sarafu*: katikati *a* kwa kumwiga jirani, mwishoni *u* kwa sababu ya *f*, ambayo ni sauti ya midomo. Sarafu ni neno lingine kabisa, lile la pesa. Sarufi imepata *u* katikati na *i* mwishoni, kinyume kwa pande zote mbili. Na haiko peke yake, neno *herufi* nalo ni vilevile. Nimefundisha sarufi miaka kumi na moja na sikuwahi kulitazama neno lenyewe.

Mei 30

Siku nne nazo. Ukiangalia vizuri, *f* bado imevuta *u*, ila imeivuta upande wake wa kushoto badala ya kulia. Nikairudia ratili, iliyotoka kwa ratl, ambayo nilikuwa nimeiweka kando kama ukaidi: nayo katikati ina *i*, si *a*, na jirani yake wa kulia ni *l*. Kwa hiyo irabu ya katikati haimwigi jirani wa kushoto kila mara, wakati mwingine inasikiliza konsonanti ya kulia, kama ile ya mwisho inavyofanya. Katika kufuli na bahari kuiga kumeshinda. Katika sarufi, herufi na ratili konsonanti imeshinda. Kwa nini hapa na si pale, sina jibu ambalo ningelitetea.

Hitimisho limebadilika: "kanuni mbili" zimekuwa "mielekeo miwili inayoshindana". Nilipomaliza nikapanda juu kwenye utangulizi, na bila shaka nao haukukaa tena. Ulikuwa unauliza kwa nini irabu mbili za kufuli hazifanani. Sasa unaanza na maneno mawili, kufuli na sarufi, na kuuliza kwa nini la kwanza limeiga na la pili limekataa. Aya ya madai imefupika. Aya ya vitenzi iko palepale.

Nimebakiza jedwali la mpitiaji wa kwanza. Tarehe ya mwisho ni Juni 14. Ya ngeli bado iko kwa wapitiaji, ya mafundi naandika upya ukurasa wa 6.